Pini ya kuota au pini ya kuchomeka?

Sanamu ya sentimita 30 haienei kwenye kitanda cha sentimita 22 cha printa ya 3D, kwa hiyo naikata kiunoni ndani ya programu ya PrusaSlicer. Hapo napima njia mbili za kuunganisha vipande.

`Plug` huotesha pini kwenye kipande chenyewe. Haipotei, ila ikichapwa imesimama, matabaka yake hukatiza shina. Ukiisukuma upande, inakatika palepale chini.

`Dowel` huacha matundu pande zote mbili, na pini unaichapa peke yake ikiwa imelala. Matabaka yanafuata urefu wake, haivunjiki ovyo. Mimi nachukua hii. Tundu liizidi pini kwa milimita 0.2 hivi, na ujaribu bila gundi kwanza. Supagluu hunasa kabla hujanyoosha. Epoksi ya dakika 5 hukupa muda wa kusawazisha.