Uzoefu wangu na kifurushi cha nusu siku cha michezo ya ofisi: watu 24, na mchezo wa bomba uliopangwa upya

Kifurushi nilichonunua ni cha nusu siku, kutoka saa 3 asubuhi hadi saa 5 na nusu, kwa watu 24 wa ofisi moja hapa Dar es Salaam. Bei ilihesabiwa kwa kichwa. Ndani yake kulikuwa na mwezeshaji mmoja, wasaidizi wawili, maji, turubai la kivuli na michezo minne. Kati ya hiyo minne nilikataa mitatu kabla ya kulipa, nikabaki na mmoja. Naandika hasa kwa ajili ya maofisa rasilimaliwatu na wanakamati wa bonanza ambao huletewa orodha ya michezo na kuambiwa wachague.

Tulichotaka kutatua kilikuwa kimoja: oda zinapotoka kwa watu wa mauzo kwenda stoo, kisha kwa wanaopeleka mzigo, taarifa zilikuwa zinapotea njiani. Mauzo waliahidi mteja kabla ya kujua kama stoo wameshamaliza oda ya jana. Kila mchezo niliupima kwa hilo, na kwa swali la pili: mama mjamzito, mzee wa miaka 58 mwenye goti bovu na kijana anayecheza mpira kila Jumamosi, je, wote watatu watakuwa na kazi ya maana?

Kuvuta kamba kulianguka kwenye maswali yote mawili. Ni mchezo wa uzito na nguvu, na mwenye mwili mdogo anajua mshindi kabla filimbi haijapigwa. Hatari yake nayo haiko kwenye kuanguka tu. Watu hujiviringishia kamba mkononi ili isiteleze, na kamba ya nailoni inapovutika huhifadhi nguvu nyingi kama mpira wa manati. Ikikatika, inarudi kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1997 huko Taipei, katika mchezo wa watu zaidi ya elfu moja, kamba ilikatika na wanaume wawili wakakatika mkono kila mmoja. Watu 24 hawafikii mvutano huo, lakini kosa la kujifunga kamba mkononi ni lile lile. Mbio za magunia nilizikataa kwa sababu ya magoti, na kwa sababu dada mwenye baibui hapaswi kulazimika kuchagua kati ya vazi lake na timu yake. Kujiangusha kinyumenyume ili wenzako wakudake kunamweka mtu mzito katika aibu mbele ya wote, na hakuhusiani na oda.

Uliobaki ni mchezo wa bomba. Kila mtu anashika kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa katikati mithili ya mfereji, na timu inapitisha gololi kutoka kipande hadi kipande mpaka iingie kwenye ndoo. Vifaa vyake ni rahisi. Bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 6 ukilikata vipande vya sentimita 60 unapata 10, na ukivipasua kwa urefu unapata mifereji 20. Watu 24 wanahitaji mifereji 24, hivyo nunua mabomba mawili na ubaki na akiba. Kingo zipigwe msasa; msumeno huacha meno makali yanayokata vidole. Tumia gololi za kioo, usitumie mpira wa mezani, kwa sababu upepo wa pwani huupeperusha.

Jinsi kampuni ilivyouleta, mchezo huu ulikuwa wa mbio. Sheria yao ilisema gololi isisimame wala isirudi nyuma. Sharti hilo la kutosimama ndilo linalowakimbiza watu: kwa mteremko wa kawaida gololi inamaliza mita 6 kwa sekunde chache, na aliyekwisha kuipitisha lazima akimbie mbele kuongeza urefu wa njia. Wenye miguu mizuri wanakimbia, wengine wanapewa kazi ya kupiga picha. Niliomba sheria ibadilishwe: gololi inaruhusiwa kusimama, lakini hairuhusiwi kurudi nyuma wala kuguswa kwa mkono. Anayetaka kuisimamisha anainua kidogo ncha ya mbele ya mfereji wake mpaka gololi iishiwe kasi, kisha anausawazisha. Kwa badiliko hilo mbio zote zinaisha, na mchezo unakuwa wa kuangaliana na kuambizana.

Kisha tukagawa nafasi. Timu moja ina watu 8. Njia ina mita 6, na kwa kuwa mfereji mmoja unalalia mwingine kwa sentimita 10, kila mtu anachukua nusu mita. Zinahitajika nafasi 12, na watu ni 8. Wanne hawahami kabisa: wa nafasi ya 1, wa 6, wa 7 na wa 12. Wanne waliobaki wanajaza nafasi za 2 hadi 5. Gololi ikifika nafasi ya 6, inasimama hapo. Wale wanne wa 2 hadi 5 wanatembea mita 3 tu na kujipanga nafasi za 8 hadi 11, kisha wa 6 anaiachia. Wa nafasi ya 7 anabaki pale pale. Hakuna anayetembea zaidi ya mita 3 kwenda na mita 3 kurudi kwa kila gololi.

Urefu wa mikono nao unahitaji hesabu, na hapa ndipo waandaaji wengi hukosea. Wanamkalisha mtu kwenye kiti katikati ya waliosimama, gololi inamfikia chini, kisha inashindwa kupanda kwenda kwa aliyesimama. Mwisho wa yote lawama zinamwangukia aliyekaa. Anza nafasi ya 1 kwenye sentimita 120, yaani kifuani mwa mtu aliyesimama, na ushuke sentimita 5 kwa kila nafasi. Nafasi ya 6 itakuwa sentimita 95, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anaweza kushika mfereji wake hapo, usawa wa kifua chake. Nafasi ya 12 itakuwa sentimita 65, karibu na mapaja ya aliyekaa. Kwa hiyo nafasi ya 6 na ya 12 ni za viti, na ya 1 ni ya anayeweza kusimama lakini asiyepaswa kutembea sana. Weka alama za urefu kwa utepe kwenye fito tatu, na watu wataona wenyewe wapi wameinua mno.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba wenye uamuzi ni watatu kati ya wasiohama. Wa nafasi ya 1 anaamua gololi inayofuata itoke lini. Wa 6 anaishikilia mpaka njia ya mbele ikamilike. Wa 12 anatangaza kuwa imefika. Mwenye goti bovu hakuhurumiwa. Alikuwa anaendesha kazi.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya gololi moja, ya kuzoea. Ya pili ilikuwa ya gololi 10 ndani ya dakika 10, zikitolewa moja moja, na tulihesabu zilizoingia kwenye ndoo. Kosa lililojirudia kwa timu zote tatu lilikuwa lile lile: wa nafasi ya 1 anaona saa inakwenda, anaachia gololi ya pili kabla wale wanne hawajarudi, na gololi inadondoka baada tu ya nafasi ya 1. Hilo ndilo kosa la mauzo kuahidi kabla stoo haijawa tayari, limeonekana kwa macho bila mtu kunyooshewa kidole. Kabla ya raundi ya tatu kila timu ilipewa dakika 5 kutunga ishara yake. Timu moja ilikubaliana kwamba wa 12 aseme “imefika” na wa 2 aseme “nipo”, na bila maneno hayo mawili hakuna gololi inayotoka.

Mwezeshaji alikuwa mchangamfu na alizijua sheria, ila kwenye mazungumzo ya mwisho alikuwa dhaifu. Aliuliza “tumejifunza nini?”, akajibiwa “umoja ni nguvu”, akapiga makofi na kutaka kutupeleka kwenye chai. Ukiuliza swali pana utapata methali. Tulimwomba aulize matatu kwa mpangilio: gololi ilidondokea wapi na nani aliona kwanza; kwenye oda zetu, nafasi hiyo anakaa nani; na kuanzia Jumatatu, neno “nipo” litasemwa na nani, kwa simu au kwa maandishi? La tatu lilileta jibu la kutumika: karani wa stoo anaandika “tayari” kwenye kundi la oda kabla mauzo hawajamtajia mteja siku. Tengeni dakika 25 za mazungumzo haya. Kampuni ilikuwa imepanga 10.

Ujumbe wa mwaliko tuliuandika wenyewe, kwa sababu wa kwao ulisema tu “njooni tufurahi na tujenge timu”, na watu wakaanza kuuliza kama wanapimwa kazi. Wetu, uliotumwa na mkuu wa idara siku 7 kabla, ulikuwa hivi:

“Ndugu zangu, Ijumaa saa 3 asubuhi tutakuwa na mchezo mmoja wa kupitisha gololi. Kusudi ni kuona taarifa ya oda inapotea wapi kati ya mauzo, stoo na usafirishaji, na kukubaliana namna ya kuambizana. Hakuna kukimbia, kuingia majini wala kushikana. Vaa nguo zako za kawaida na viatu visivyoteleza. Kuna nafasi za kuketi, za kusimama na za kutembea hatua chache. Mjulishe mratibu unayoipenda, sababu si lazima. Hakuna alama zitakazoingia kwenye tathmini ya kazi. Tutamaliza mapema, kabla ya sala ya Ijumaa.”

Maneno “sababu si lazima” yana uzito mkubwa. Ukisambaza fomu ya kuorodhesha magonjwa, wengi wataandika “sina”, halafu siku yenyewe waumie au wasije. Ukiuliza nafasi wanayoipenda, wanajibu kweli. Na kama tarehe inaangukia Ramadhani, isogeze tu. Kivuli hakimsaidii aliyefunga na hawezi kunywa maji.

Eneo tulilopewa kwanza lilikuwa mchanga wa ufukweni. Tulilibadilisha kwa uwanja wa vitofali wenye kivuli, kwa kuwa miguu ya viti huzama mchangani, gololi hupotea na anayetembelea mkongojo hutaabika. Kwenye sakafu ngumu hatari inageuka: gololi iliyodondoka ni kitelezi, hivyo msaidizi mmoja kazi yake iwe kuziokota kabla mtu hajapiga hatua.

Kama oda zenu zinachelewa kwa sababu gari ni moja, mchezo huu hautasaidia kitu. Fedha hizo zikodi gari la pili. Kwetu tatizo lilikuwa taarifa, na hapo ulifaa. Kampuni naipa nyota 3 kati ya 5: vifaa vizuri, ilikubali mabadiliko bila kinyongo, lakini mpangilio wa awali ulikuwa wa vijana wenye afya peke yao na mazungumzo yalikuwa ya kukimbizwa. Nikiagiza tena, nitataka mchezo mmoja wa bomba, fito zenye alama, viti sita na mwezeshaji aliyesoma maswali yetu siku moja kabla.