Nilikatwa hela ya bando mara mbili, bando likaingia mara moja

Aplikesheni ya benki yangu naipa nyota mbili kati ya tano. Moja ni kwa sababu hela ilirudi. Ya pili si ya aplikesheni hata kidogo, ni ya dada wa huduma kwa wateja niliyempata Jumatatu.

Ilikuwa Ijumaa usiku, nina kazi ya kutuma na bando linaelekea kuisha. Nikaingia kwenye aplikesheni, nikachagua bando la GB 10, nikaweka namba ya siri. Kile kiduara kikazunguka karibu dakika nzima, kisha skrini ikaandika "Imefanikiwa". Meseji ya benki ya kukatwa hela ikaingia papo hapo. Ya mtandao wa simu haikuja. Nikaangalia salio la bando, liko vilevile.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachojutia: nikanunua tena. Safari hii bando likaingia ndani ya sekunde chache. Sasa nina bando moja na makato mawili, kiasi kilekile, namba ileile, yamepishana dakika sita. Kila niliyempigia baadaye aliliona lile lililofika na kuniuliza, "Mbona bando lako limeingia?"

Kabla ya kulaumu mtu nilikagua vitu viwili. Kwanza namba niliyonunulia, kwa kuwa aplikesheni hukumbuka namba za nyuma, na kidole kikiteleza unamnunulia mtu mwingine. Pili deni. Ukiwa umekopa salio, unaloliongeza linaishia kulipa deni, nawe unabaki unashangaa simu. Namba ilikuwa yangu, deni sikuwa nalo.

Jumamosi nikapigwa danadana. Benki wakasema muamala umefanikiwa, niwaulize mtandao wa simu. Mtandao nikawasomea namba ya kumbukumbu iliyo kwenye meseji ya benki, tarakimu zote, mara mbili. Wakasema hawaioni. Nikarudi benki, wimbo uleule.

Jumatatu ndipo nikampata yule dada. Akanieleza kwamba benki haiwasiliani na mtandao moja kwa moja. Katikati kuna kampuni inayopokea maombi ya benki na kuyapeleka kwa mtandao wa simu. Hela hukatwa kwanza, ombi linatumwa, kisha mfumo unasubiri jibu kwa muda uliowekwa. Jibu likichelewa kupita muda huo, benki haijui kama bando limekataliwa au liko njiani. Ikirudisha hela hapo hapo na bando likaja kufika, mteja atakuwa na vyote viwili. Kwa hiyo muamala unaachwa hadi pande zote zilinganishe hesabu zao, na wikiendi, kwa benki yangu, hakuna anayelinganisha. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni kwa nini skrini iandike "Imefanikiwa" wakati ukweli ni "tunasubiri jibu".

Nikamwambia kuhusu namba ya kumbukumbu niliyowasomea mtandao. Akacheka kidogo, akasema, "Hiyo ni ya kwetu ndani, kaka. Wao wana yao." Bando likiingia kweli, mtandao unarudisha namba yake, nayo huhifadhiwa pembeni ya muamala. Akafungua makato yangu mawili. La pili lilikuwa na namba ya mtandao. La kwanza, sehemu hiyo ilikuwa tupu.

Utupu huo ndio uliomaliza ubishi. Akaniambia niandike malalamiko kwa barua pepe, nitaje saa kamili ya kila kato, namba ya simu, namba zote mbili za kumbukumbu za benki, na niseme wazi kwamba bando lililoingia ni la ununuzi wa pili. Hilo la mwisho alilisisitiza, la sivyo anayeshughulikia angeona bando limefika na kufunga malalamiko.

Jumanne jioni hela ikarudi, kimyakimya, bila meseji. Niliiona kwa sababu nilikuwa nafungua taarifa ya akaunti kila baada ya saa moja kama mtu anayesubiri mshahara. Na haikuja kwa kufuta kato la Ijumaa. Iliingia kama mstari mpya wa tarehe ya Jumanne, kwa hiyo anayetazama Ijumaa peke yake atadhani bado anaidai benki. Ada ya muamala haikuwemo. Nikaandika tena, ikaja siku mbili baadaye.

Siku hizi meseji ya mtandao isipofika sibonyezi tena. Nanunua bando kwa njia nyingine kabisa, ili makato yasifanane, nao muamala ule wa benki naudai peke yake. Kwenye orodha ya miamala ununuzi wa Ijumaa, saa na dakika zake zikiwa palepale, bado umeandikwa "Imefanikiwa".