Simba wa laivu: nani hasa anakula nyama?

Karibuni tena jamani. Leo sina simu mpya mkononi. Nachambua bidhaa ambayo wengi wenu mnainunua usiku na asubuhi hamkumbuki mlinunua ngapi: koini za TikTok, zile mnazogeuza maua na simba kumtunza mtu akiwa laivu.

Nimesema kumtunza makusudi. Kwenye taarabu, wimbo ukikugusa unainuka, unacheza taratibu hadi mbele, unamtunza mwimbaji noti ya elfu kumi. Ilikuwa elfu kumi mkononi mwako, na ni elfu kumi mkononi mwake. Sasa tuifuate ile ya laivu.

Kwanza, hutumi pesa. Unanunua koini, halafu koini unazigeuza zawadi. Ua la waridi, Rose, ni koini 1. Simba, Lion, ni koini 29,999. Ukisikia “nitumieni maua tu”, ua halina uzito, na ndivyo lilivyokusudiwa: jicho linaona ua, halioni shilingi.

Chukua koini 1,000. Ukizinunua kwenye tovuti, tiktok.com/coin, unalipa kama dola 10 na nusu. Ukizinunua ndani ya programu kwenye simu, zinafika dola 13 hivi, kwa sababu Apple na Google wana fungu lao kwa kila kinachouzwa kupitia maduka yao. Bei hutofautiana kidogo nchi na nchi, lakini pengo lipo. Na mwenye laivu? Zawadi zikimfikia huwa almasi, na almasi za koini hizo 1,000 zikigeuzwa fedha ni kama dola 5. Kwa hiyo ukinunua kwenye tovuti, nusu imebaki njiani. Ukinunua kwenye simu, ni zaidi ya nusu. Simba mmoja wa kwenye simu anaweza kukutoa karibu dola 400, na mwenyewe akaona kama 150.

Hapo bado hajazitoa. Mwaka 2022 BBC walilifanyia jaribio suala hili, baada ya kuona familia za kambi za wakimbizi Syria zikiomba zawadi laivu. Walituma zawadi za dola 106 kutoka London. Akaunti ya Syria ikasoma dola 33, yaani karibu asilimia 70 ilishaliwa njiani. Duka la kutolea fedha likachukua asilimia 10, na madalali wanaosimamia akaunti hizo wangechukua asilimia 35 ya zilizobaki. Familia ingebaki na dola 19. TikTok walijibu kwamba kamisheni yao iko chini sana ya asilimia 70, ila kiwango chenyewe hawakukitaja. Mimi hilo ndilo linaloniudhi kuliko makato yenyewe. Hata dalali wa viwanja hukutajia asilimia yake.

Maana wenzao wanataja. YouTube, ukilipia ujumbe wa Super Chat, asilimia 70 ni ya mwenye chaneli, na imeandikwa wazi. Twitch, mtandao mwingine wa laivu, wanauza Bits, ndizo koini zao, 100 kwa dola 1.40, na mtangazaji anapata senti moja kwa kila Bit, yaani dola 1 kamili. Hawa nao wanakula, lakini unaona sahani.

Sasa zile mechi za watu wawili, skrini imegawanywa, mtu anapiga kelele “mara tatu, mara tatu, tumeni sasa hivi!” Sikilizeni vizuri. Kinachozidishwa mara tatu ni pointi za mechi. Pesa haizidishwi. Waridi lako linamwongezea pointi 3 kwenye ubao, lakini mfukoni linamwingizia kilekile cha koini 1. Mshindi hapati koini za aliyeshindwa pia. Kila mmoja anabaki na zawadi alizotumiwa. Wengi hapa ndipo wanapomaliza salio, wakidhani wamemwokoa mtu wao.

Kuna na wale wauzaji wa koini za bei poa kwenye magrupu. Akikuuzia kwa nusu ya bei ya tovuti, jiulize yeye amezilipia kwa kadi ya nani. Mwenye kadi akidai pesa yake irudishwe, koini zinaweza kufutwa na akaunti yako ikafungwa.

Hukumu yangu basi. Kama unatunza kwa raha, unataka jina lako litajwe na simba angurume mbele za watu, nunua kwenye tovuti na ujue unalipia ngurumo. Nyota mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya ngurumo. Kama unataka kumsaidia mtu unayemfahamu kweli, unayo namba yake, mtumie kwa simu. Utakatwa ada ya kutuma, na yeye ya kutolea, basi. Lakini namba iliyobandikwa kwenye laivu ya mtu usiyemjua usiitumie, matapeli hurusha laivu za watu wengine na kubandika namba zao juu.

Mimi juzi dada yangu alikuwa laivu, nikamtumia waridi moja, halafu nikampigia M-Pesa pembeni. Alilitaja waridi.