Bodi ya volti 5 "inayotoa ampea 1": nyota moja, nilitaka kutoa tatu

Nilinunua bodi hii si zamani sana, ile yenye regyuleta ya 7805 na kihitsinki cheusi, iliyoandikwa kwa mbwembwe "ampea 1". Mzigo wangu ulikuwa ampea 0.8 tu, adapta ya volti 12. Kila baada ya dakika kadhaa kifaa kinazimika, kinatulia kidogo, kinawaka chenyewe. Nikamwandikia muuzaji kwa adabu. Akanijibu: "Wewe hujui umeme, tafuta fundi."

Haya, tuhesabu, mimi nisiyejua umeme.

Volti 12 zikiingia na 5 zikitoka, zile 7 zinabaki ndani ya regyuleta. Saba mara 0.8 ni wati 5.6 za joto tupu, na mzigo wenyewe unakula wati 4! Joto hilo lazima lipite mahali. Kutoka kwenye silikoni hadi bati la mgongoni ni kama nyuzi 5 kwa kila wati, kutoka bati hadi hitsinki weka 1, na hitsinki ya saizi hii kwenda hewani ni kama 20. Jumla 26. Zidisha kwa 5.6 upate karibu nyuzi 146, na hizo ni juu ya joto la hewa. Ndani ya boksi langu lililofungwa hewa ilikuwa 40, kwa hiyo silikoni ingefika 186.

Haifiki huko, kwa sababu 7805 hujizima ikikaribia 150 hivi, kisha hurudi ikipoa. Nilichomeka waya wa kupima joto kwenye hitsinki: kabla tu ya kuzimika ilisoma 118. Ongeza 5.6 mara 6 za njia ya ndani, unapata karibu 152. Kwa hiyo ukigusa hitsinki usidhani umegusa joto la silikoni. (Na usiguse. Kidole changu bado kinanilaumu.)

Kusema haki, regyuleta yenyewe sina ugomvi nayo, kujizima huko ndiko kulikoiokoa. Na adapta ya volti 12 niliichagua mwenyewe. Nilipoweka ya volti 8, joto likashuka hadi wati 2.4, silikoni ikawa kama nyuzi 102 kwa hesabu ileile, na tangu hapo haijazimika hata mara moja. Usishuke chini ya 7 lakini, maana 7805 inahitaji kama volti 2 za ziada ili itoe 5 safi. Nikasema basi, niwape nyota tatu.

Kisha nikasoma tena lile jibu. Kwa volti 12 na ampea 1 waliyoiandika, ni wati 7, na hata boksi likiwa wazi kwenye hewa ya nyuzi 25 silikoni ingetakiwa ivuke 200. Waliandika "ampea 1" bila kusema kwa volti ngapi za kuingia, halafu asiyejua umeme ni mimi. Nyota moja.