Adapta ya NVMe niliyonunua Kariakoo: sio feki, angalieni sloti zenu

Jamani naona watu wanaiponda sana hii adapta ya PCIe ya kuwekea NVMe, ile kadi ndogo yenye soketi mbili, eti feki kwa sababu ukiifunga BIOS haioni diski. Mimi nimeichukua Kariakoo elfu 25, na kweli mwanzo BIOS haikuona kitu, ila adapta haikuwa na kosa.

Bodi yangu ni B450 yenye sloti mbili za M.2. Ya kwanza imefunikwa na kadi ya grafiki, kwa hiyo diski ya zamani ilikuwa imekaa ile ya pili. Hii mpya ya 1TB nikaifunga kwenye adapta, nikaichomeka sloti ndefu ya chini kabisa.

Kwanza nikakagua imekaaje. NVMe inaingia imeinama kidogo, unaisukuma mpaka zile pini za dhahabu zizame zote ndo unailaza na kukaza skrubu, maana ukikaza haijazama inabaki inanyanyuka halafu haisomi. Yangu ilikuwa fresh. Nikaangalia na soketi pia, kwa sababu kwenye hii kadi moja tu ndo ya NVMe, nyingine ni ya SATA na inataka waya wake wa SATA mpaka kwenye bodi (muuzaji hakuambii hilo). Na kuna M.2 za SATA zenye mikato miwili, hizo zinaingia hata soketi ya NVMe vizuri kabisa ila hazitaonekana milele, nahisi nusu ya wanaolalamika wako hapo.

Basi nikang'oa ya zamani, nikaweka mpya kwenye sloti yake, BIOS ikaiona. Kumbe diski ni nzima. Nikairudisha kwenye adapta, ya zamani nikaiacha mezani, nikawasha, hiyo hapo inaonekana! Yaani adapta inafanya kazi ila zikikaa zote mbili inapotea. Nikafungua kitabu cha bodi, kimeandika kwa herufi ndogo kwamba sloti ya pili ya M.2 na ile sloti ya chini zinagawana njia zilezile za data, M.2 ikiwa na diski, ile sloti ya chini inazimwa. Sio bodi zote ziko hivi, nyingine M.2 inazima porti za SATA, kwa hiyo soma kitabu cha bodi yako.

Nikatoa kadi ya grafiki, ya zamani nikaihamishia sloti ya kwanza, sasa zinaonekana zote.

Kasi usitegemee makubwa, njia zinazotoka kwenye chipu ya B450 ni PCIe 2.0, hata zikiwa nne mwisho wake kwenye makaratasi ni 2GB kwa sekunde, kiuhalisia chini ya hapo, wakati sloti ya kwanza inapata 3.0 moja kwa moja toka kwenye prosesa. Mimi naweka video za harusi tu humo, inatosha. Nyota nne, moja nimekata kwa sababu skrubu waliyoweka ni fupi.