Grisi ya mota ya mashine ya kusaga: ipi ununue, ipi uiache dukani, na upige kila baada ya muda gani

Juzi kijana wa mashine ya jirani kaja kuniazima pampu ya grisi, mkononi kashika mfuko wa nailoni una grisi ya kupimiwa, ananiambia "si grisi tu mzee, zote zinateleza". Nikamwambia kaa kwanza. Hii ndo niliyomweleza, nimeiandika kwa anayetaka kununua wiki hii.

Mota ninayoizungumzia ni ile ya kawaida ya mashine ya unga, 15 kW, mzunguko 1450 hivi kwa dakika, mara nyingi ndani ina beringi 6309 C3. Angalia kibati cha mota kwanza, nyingi za saizi hii zimeandikwa namba ya beringi na hata aina ya grisi. Na angalia kama ina nipeli. Kama haina nipeli na beringi zina vifuniko pande zote mbili (2Z au 2RS mwishoni mwa namba) basi usinunue grisi kabisa, hizo zinakaa na grisi yao mpaka zife halafu unabadilisha beringi.

Kwenye kopo au katriji tafuta vitu viwili. Kimoja NLGI, huo ndo uzito wa grisi, kwa mota unataka 2, au 3 kama mota imesimama wima. Cha pili ni uzito wa oili iliyomo ndani, ISO VG, unataka kwenye 100 na ushee hivi. Rangi achana nayo, bluu au nyekundu ni dawa tu ya rangi kila kampuni inaweka anayotaka, nimeona watu wanalinganisha grisi kwa rangi kama wanachagua kitenge.

Namba moja kwangu ni poliyurea ya mota za umeme, mfano Mobil Polyrex EM au SKF LGHP 2. Inavumilia joto muda mrefu na mota nyingi zinatoka kiwandani na hiyo hiyo. Bei yake inauma, lakini katriji moja ya gramu 400 kwa mota moja inakaa miaka, utaona hesabu chini.

Namba mbili ni lithiamu ya kawaida yenye oili nyepesi isiyo na EP, yaani dawa ya mizigo mizito, kama Shell Gadus S2 V100 au SKF LGMT 2. Kwa mashine ya kijijini inayosaga mchana tu hii inatosha vizuri sana na mimi mwenyewe ndo natumia kwenye mota yangu ya zamani, kwa sababu ilishakuwa na lithiamu tangu nainunua. Hapo ndo kuna mtego: poliyurea na lithiamu mara nyingi hazipatani, ukizichanganya zinaweza kulainika kama uji zikavuja zote, au zikawa ngumu. Ukitaka kuhama fungua mota, osha beringi au weka mpya, ndo uanze na grisi mpya. Usipige ya pili juu ya ya kwanza ukategemea itajitoa yenyewe.

Namba tatu ni ile EP2 ya magari, VG 150 au 220, inayopatikana kila duka la spea. Haiui mota siku hiyo hiyo, ila oili yake ni nzito kwa beringi inayokimbia 1450 na hiyo EP ni ya kubeba mizigo mizito ambayo beringi ya mota haina. Ukikwama itumie, kama ndani kuna lithiamu.

Za kuacha dukani: grisi nyeusi ya jointi za gari, grisi ya kalsiamu ya bei rahisi (inayeyuka kwenye nyuzi 100 hivi, na mota ikiwa na kazi beringi inakaribia huko), na hiyo ya mfuko wa nailoni maana hujui ni nini na tayari ina mchanga wa meza ya muuzaji. Oili ya chupa nayo hapana, hiyo ni ya mota kubwa za viwandani zenye beringi za kuteleza na tangi lake la oili, mota yako ukiimwagia inashuka moja kwa moja kwenye koili.

Sasa kiasi, na hapa ndo watu wanaharibu kuliko kwenye aina. Gramu unazopiga ni upana wa nje wa beringi mara unene wake, kwa milimita, mara 0.005. Beringi ya 6309 ni 100 kwa 25, kwa hiyo 12.5 gramu. Basi! Fundi mmoja aliwahi kunipigia nusu katriji mpaka ikatoka kwenye shafti, akaniambia "imeshiba", na mota ikachemka siku hiyo hiyo na baada ya miezi michache ikaungua, nilipopeleka kusukwa tukakuta koili zimepakwa grisi kama mkate. Grisi ikizidi beringi inaikoroga badala ya kuteleza, inapata joto, oili inajitenga, kinachobaki ni sabuni kavu.

Kwa hiyo pima pampu yako. Weka karatasi kwenye mizani ya jikoni, bonyeza mara kumi, soma. Yangu ilitoa gramu 14, yaani 1.4 kila bonyezo, kwa hiyo 6309 ni mabonyezo tisa. Pampu ya jirani inaweza kuwa tofauti kabisa.

Muda wa kurudia una kanuni yake ya mafundi, d ni kipenyo cha shimo la beringi (45) na n ni mzunguko:

```
masaa = K × (14000000 / (n × √d) − 4 × d)
```

Kwenye mabano inatoka 1259 hivi. K unaanza na 10 kwa beringi ya gololi halafu unapunguza kwa mazingira: beringi ikiwa nyuzi 66 mpaka 79 zidisha kwa 0.5, vumbi jingi la unga 0.7, mtikisiko wa wastani 0.6. Inabaki 2.1, kwa hiyo masaa 2644. Mashine ikifanya kazi masaa 8 siku 6 kwa wiki hiyo ni mwaka na wiki kama tatu, mimi nafanya mara moja kwa mwaka kabla ya msimu wa mavuno. Mota ya wima zidisha tena kwa 0.3, hapo ni kila miezi minne.

Siku ya kupiga futa nipeli kwa kitambaa safi, maana unga ulioko juu yake ndo wa kwanza kuingia, fungua kizibo cha chini cha kutolea grisi ya zamani, washa mota, piga polepole mikono ikiwa mbali na mkanda, acha izunguke saa moja au mbili kizibo kikiwa wazi ndo ufunge. Joto litapanda kidogo halafu linashuka siku hiyo hiyo. Lisiposhuka mpaka kesho yake umezidisha, au mkanda umekazwa mno, legeza mkanda kwanza kabla hujalaumu grisi. Na andika kwa maka pen kwenye ubavu wa mota: tarehe, jina la grisi, mabonyezo mangapi, maana mwakani anayepiga anaweza asiwe wewe.