Picha za ua wetu zilivyoangaziwa jua lisiloweza kuingia

Miezi kadhaa iliyopita niliwalipa wachoraji wa kompyuta wanitengenezee picha za mwonekano wa ndani wa nyumba yenye ua wazi katikati, ili familia iione kabla msingi haujachimbwa. Sina ugomvi na rangi za kuta, samani wala mbao za milango, kwani vyote vilipendeza. Ugomvi wangu ni jua, na kila nikizitazama picha zile hasira hunipanda upya.

Ramani niliyowapa iko wazi. Ua una upana wa mita 4 kutoka nguzo hadi nguzo, na juu ya nguzo hizo zimesimama kuta za ghorofani zinazofikia kimo cha mita 6 kutoka chini. Njia za kupita zimezunguka ua, zikiwa na kivuli kwa kuwa zimo chini ya sakafu ya ghorofa. Katika picha kubwa waliyojivunia, ua mzima unang'aa, jua limepenya mpaka kwenye milango ya vyumba, na chungu chenye mmea, vyote pamoja vikiwa na kimo cha mita 1, kimeangusha kivuli kukatiza ua juu ya vigae vitatu vya nusu mita.

Hapo ndipo nilipokwama. Ikiwa kitu cha mita 1 kinatoa kivuli cha mita 1 na nusu, basi kwa jua lile lile ukuta wa mita 6 utatoa kivuli cha mita 9, ilhali ua wenyewe ni mita 4 tu. Sakafu yote ilipaswa kuwa kivulini. Jua la namna hiyo lingepita juu ya ukuta mmoja na kugonga ukuta wa pili kwenye sehemu ya ghorofani, kiasi cha mita 3 na kitu kutoka chini, na lisingeshuka zaidi. Ili liguse sakafu, lazima lipande juu kiasi cha nyuzi 56, jambo linalowezekana saa za karibu na adhuhuri pekee, na katika nchi zilizo mbali na ikweta haliwezekani kabisa majira ya baridi.

Sababu niliijua baadaye. Ili kamera ipate nafasi ya kurudi nyuma, mchoraji alikuwa ameuficha ukuta mmoja, na katika programu yake ukuta uliofichwa huacha pia kuzuia jua. Jambo hilo lina dawa, kwa sababu ukuta unaweza kufichwa machoni pa kamera huku ukiendelea kutoa kivuli. Nilipowaeleza haya kwa heshima, msimamizi alinijibu, "Ndugu mteja, watu hununua hisia, hawanunui kivuli." Lakini mimi nilikuwa nimenunua kivuli! Nyumba zenye ua za Beijing zilijengwa fupi na ua mpana ili jua la baridi liingie. Nyumba ndefu za mji wa kale wa Fez nchini Moroko zina ua mwembamba ili jua lisikae ndani. Wao walichukua mwili wa nyumba ya pili wakaupaka mwanga wa ile ya kwanza.

Niwatendee haki katika upandaji. Vitalu vilichorwa na kina cha udongo, mizizi ya mti wa katikati iliachiwa nafasi, na kangaga za kivulini ziliwekwa kando ya njia, mahali panapozifaa. Nilikuwa tayari kuwasifu kwa hilo, mpaka nilipokumbuka kwamba kwenye kona ya chini kabisa walipanda bogenvilia iliyojaa maua. Mmea huo unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa nyingi ili uchanue, na kona ile haitalipata. Sifa hiyo nayo naipunguza.

Baada ya kuvutana sana walirudisha ukuta na kunitumia picha mpya ya saa ile ile. Inaniuma kukiri kwamba ni nzuri kuliko ya kwanza. Mwanga umebaki juu, umeupaka ukuta mweupe wa ghorofani, kisha umerudi chini ukiwa mlaini, na njia zimekuwa na giza kidogo linalovutia mtu kupita. Nilikuwa nimeandika nyota moja, nazifanya tatu.

Hata hivyo, picha ya kisima cha mwanga, yaani uwazi wa kuteremshia mwanga ulio juu ya ngazi, hawajaigusa. Kina upana wa mita 1 na kina cha mita 6, kwa hiyo jua litafika chini likiwa karibu utosini tu, na saa nyingine zote ngazi itategemea mwanga unaorudishwa na kuta zake. Wao wamechora mwale mnene ulioinama ukitua kwenye kipandio cha chini. Nimewataka waandike kwenye kila picha mwezi, saa na upande wa kaskazini, na mpaka sasa hawajajibu. Nyota zile tatu nazishusha kuwa mbili.